Sekunde Kumi na Nne za Mutiso

Siku baba alipotutoka, bandani kwake Wamunyu kulikuwa na twiga kumi na saba wa mbao wasio na masikio. Masikio aliyaachia mwisho, maana alisema twiga akishapata masikio huanza kukusikiliza, na fundi hawezi kufanya kazi akisikilizwa. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili. Alitoka kunawa mikono, akaketi kwenye gogo, hakuinuka tena. Mama alidhani amepumzika, akampitia mara mbili akienda kuchota maji na hakumsumbua. Mara ya tatu ndipo alipomwita.

Wiki tatu kabla ya hapo, Levi alikuwa amekwenda kumhoji.

Levi na mimi tunafanya kazi na dada Swabra, kwenye chumba kimoja juu ya duka la leso, Machakos mjini. Tunakusanya simulizi za wazee. Levi ndiye anayezunguka na kinasa sauti. Mimi huketi na kompyuta na vipokea sauti masikioni, nasafisha. Mashine hugeuza sauti kuwa maandishi kwa dakika chache, lakini mashine hiyo haijawahi kufika Ukambani. Wamunyu huiandika "wame nyuma". Kwa hiyo kuna kazi.

Dada Swabra ana miongozo yake mitatu, ameibandika ukutani juu ya birika. Wa kwanza: sikiliza kabla ya kufuta. Wa pili: toa "eee" na maneno yaliyokatika njiani, lakini usimsahihishie mtu Kiswahili chake. Wa tatu: nakala ghafi haiguswi kamwe. Dada Swabra ni mzaliwa wa hapa, ila bibi yake alitoka Lamu, na Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Akisoma mtu amesema "niko na mbuzi mbili" huona uchungu hasa, unamwona usoni. Lakini hagusi mbuzi hata mmoja. "Ni mbuzi wake," husema. "Wacha wawe mbili."

Baada ya mazishi nilirudi kazini. Dada Swabra akaniambia mazungumzo ya baba atayasafisha yeye. Nikakataa. Nikasema ni baba yangu, nitayafanya mimi, na nitayafanya vizuri.

Nikayafanya bila kusikiliza.

Nasema hivyo hivyo, sitafuti maneno. Nilivaa vipokea sauti, nikamsikia akisema "Haya, kijana, umekuja kuniuliza au kuninywea uji?" nikavivua. Kazi yote iliyobaki niliifanya kwa macho, nikifuata maandishi ya mashine. Palipoandikwa "kelele", nilifuta. Palipokuwa na neno lililorudiwa, nilibakiza moja. Usemi wa kuzunguka niliufupisha kwa maneno yangu. Kurasa kumi na nane zikawa kumi na moja, safi, zimepangika. Nilijiambia baba angependa, alikuwa mtu wa kupiga msasa.

Tuna desturi moja hapo ofisini. Mtu akitajwa kwa jina kwenye simulizi ya mwingine, na yuko hai, tunamsomea sehemu hiyo kabla haijaingia kitabuni. Baba alikuwa amemtaja mzee Kitonga.

Mzee Kitonga na baba walianza kuchonga pamoja wakiwa vijana. Siku ya mazishi, watu walipompokonya sururu kwa sababu ya umri, aliirudisha mikononi kwa nguvu. Alhamisi moja alikuja mjini na koti lake la kahawia, akapanda ngazi zetu akizilaumu moja baada ya nyingine.

"Mwiitu wa Mutiso," akaniambia, akinishika mkono kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo huniita, binti wa Mutiso, Nzisa ni jina la shuleni. "Umekonda. Hawa watu wanakulisha?"

"Wananilisha, baba mdogo."

"Na huyu ndiye kijana wa kuuliza maswali?" Akamtazama Levi kuanzia viatuni. "Mutiso aliniambia umemaliza uji wote wa nyumba."

"Nilipewa, mzee," Levi akasema.

"Ulipewa kikombe. Sufuria ulijipa."

Dada Swabra akaleta chai na mahamri, akaeleza kwa nini ameitwa. Kisha akanipa ishara nisome. Nikasoma kama nilivyosafisha.

"Swali: Watu wanasema mzee Kitonga ndiye aliyeuza magogo ya kikundi. Ni kweli? Jibu: Ndiyo, wanasema. Tulikuwa marafiki."

Hayo magogo yalikuwa ya muhugu, mti wa kuchongea vinyago, ya kikundi cha wachongaji, na yalitoweka stoo usiku mmoja miaka ya themanini. Kila mtu Wamunyu anaijua habari hiyo, na kila mtu ana mwizi wake.

Mzee Kitonga aliacha kutafuna. Aliweka hamri chini, juu ya meza, si kwenye sahani.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Safari hii nikajisikia mwenyewe.

"Mutiso alisema hivyo? Kwa mdomo yake?"

"Mzee wangu," dada Swabra akaanza.

"Sikuulizi wewe, mama. Nauliza huyu mtoto. Baba yako amekwenda akisema mimi ni mwizi? Na kwamba tulikuwa marafiki? Tulikuwa? Ni lini tuliacha?"

Sikujua. Hilo ndilo lililonitia aibu kuliko yote: nilikuwa namsomea mtu maneno ya baba, na sikuyasikia.

Akainuka, akatafuta kofia yake, na ilikuwa kichwani. Alishafika mlangoni. Ningemwacha ateremke zile ngazi, angefika Wamunyu na jibu hilo, na angebaki nalo siku zote alizobakiwa nazo. Nikamwambia, "Baba mdogo, keti. Sijasikiliza. Nilifuta kwanza."

Levi akanitazama. Dada Swabra akatazama ukuta, pale juu ya birika, halafu akaifuta meza iliyokuwa safi.

Nikafungua nakala ghafi ya sauti, nikatafuta dakika ya thelathini na sita, nikachomoa vipokea sauti ili wote wasikie.

Sauti ya Levi ikauliza swali lake. Halafu hakuna mtu aliyesema.

Shh. Shh. Shh.

Mashine ilikuwa imeandika "kelele". Lakini mimi nimekulia katika banda hilo. Ilikuwa tezo, kishoka cha kuchongea, ikinolewa kwenye jiwe lenye maji. Na kwetu mtu akinoa hasemeshwi. Hata mama, akiwa na habari ya dharura, alikuwa akisimama mlangoni mpaka jiwe linyamaze. Mafundi wote wa Wamunyu wako hivyo. Ukiuliza mtu jambo naye akachukua jiwe, amekufungia mlango, na ukiwa na adabu utaondoka.

Levi hakuwa anajua. Alikaa tu. Kisha sauti ya baba, taratibu:

"Ndiyo. Wanasema."

Shh. Shh.

"Wanasema, wanasema, wanasema. Mimi na Kitonga tumekula na kijiko moja, wewe. Kijiko moja." Jiwe tena, mara mbili, kwa nguvu. "Uliza ingine."

Nikasimamisha.

Mzee Kitonga alikuwa bado amesimama, mkono juu ya mlango. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, naye alikuwa anacheka.

"Aiya! Kijana, ulifukuzwa! Ulifukuzwa na jiwe na hukusikia!"

"Nilidhani anaandaa kazi," Levi akasema.

"Alikuwa anajizuia asikuandae wewe! Rudisha, mwiitu. Rudisha hapo kwa jiwe."

Tulirudisha mara nne. Alirudi kwenye kiti, akaomba chai ingine, akaimaliza hamri aliyoiweka mezani. Mara ya nne alifuta macho kwa kofia na akasema mavumbi ya mjini ni mabaya kuliko ya Wamunyu.

Tukaanza kuandika upya, wanne kwenye kompyuta moja. Levi alihesabu kimya cha kwanza kwa saa yake: sekunde kumi na nne. Dada Swabra akasema iandikwe kwenye mabano, "Kimya, sekunde 14. Ananoa tezo," na chini ya ukurasa mstari mmoja ueleze kwamba kunoa ni kukataa swali. "Msomaji wa Mombasa atajuaje?" akauliza. "Atadhani mzee alikuwa anatafuta jibu." Zile "wanasema" zikarudi zote. Nilipouliza kama tatu za mwisho haziwezi kuwa mbili, mzee Kitonga alinitazama kama mtu aliyeguswa mfukoni.

"Ya kwanza ni ya kijana," akasema. "Hizi tatu ni za Wamunyu yote."

Kijiko, ambacho mimi nilikuwa nimekigeuza "tulikuwa marafiki", kikarudi, mara mbili, na "tumekula", si "tulikula" wala "tulikuwa". Kikabaki "kijiko moja". Dada Swabra alifumba macho kidogo akapitisha.

Kisha mzee Kitonga akanogewa. Alitaka kila kitu.

"Na hapo amekohoa. Andika."

"Kikohozi hatuandiki, mzee wangu," dada Swabra akasema. "Wala simu iliyolia, wala 'eee'."

"Kwa nini jiwe liandikwe na kikohozi kiachwe?"

"Jiwe limesema kitu. Kikohozi kimesema nini?"

Akafikiri. "Kimesema alikuwa na kifua."

Hapo tukanyamaza wote, na hakuna aliyehesabu. Mwisho nikasema mimi: kikohozi tuache. Baba mwenyewe hakukitaka, alikuwa akigeuza uso akikohoa. Lakini sauti haifutwi. Anayetaka kumsikia baba na kifua chake atakuja kusikiliza, vikohozi viko thelathini na kimoja. Navijua kwa sababu jioni hiyo, wenzangu walipoondoka, nilivaa vipokea sauti na kusikiliza saa nzima na dakika ishirini, tangu uji hadi kwaheri. Nilikuta mambo mengine matano niliyoyaharibu. Mahali pamoja baba alisema miti ilikuwa mingi, mingi, mingi, akinyamaza katikati, na mimi nilikuwa nimeandika "Miti ilikuwa mingi." Ukisikiliza utajua kuwa ile ya tatu ni ya msitu usiokuwapo tena. Nikaiandika mara tatu, na vimya vyake viwili.

Kurasa kumi na moja zikawa kumi na tano.

Mzee Kitonga alirudi Jumatatu kutia sahihi ya kukubali. Nilimsomea tena ukurasa wote, na nilipofika kwenye mabano nilisimama. Alisubiri, midomo ikihesabu. Kisha akaomba kalamu, akaandika jina lake lote, majina matatu, kwa herufi kubwa.

Mama alitia sahihi kwa niaba ya baba. Kitabu kiko kwa mchapaji Nairobi, na simulizi ya Mutiso inaanzia ukurasa wa arobaini na mbili.