Ubao Niliousoma Kuanzia Chini

Mwalimu wa Kifaransa aliponinyang'anya karatasi ya mtihani, alikuwa na uhakika kuwa amenifuma.

"Umenakili," alisema mbele ya watahiniwa wote na mkuu wa chuo. "Toa hicho kikaratasi."

Mtihani ulikuwa wa kazi ya mapokezi hapo hapo chuoni, inayohitaji Kifaransa. Miaka miwili nimepiga deki madarasa yale, wanafunzi wakiniita Mama Vumbi, na nafasi hiyo niliitaka kufa na kupona. Wifi yangu alinicheka: "Wifi, Kifaransa hakipigwi deki!" Nilimwambia asubiri.

"Sina kikaratasi," nilisema.

"Jedwali la kitenzi *aller* umelianzia chini! Mtu anayejua huanza na *je*. Wewe umejaza *ils vont*, *vous allez*, huku juu peupe."

Mwalimu huyu kila jioni huniachia ubao umejaa majedwali, asijali nani anaufuta. Mimi ni mfupi. Nafuta kwanza chini, mkono unapofika, halafu napanda stuli kumalizia juu. Na sikufuta mstari hata mmoja kabla ya kuusoma kwa sauti. Ndiyo maana kichwani mwangu *ils*, yaani wao, hutangulia na *je*, mimi, huja mwisho.

Nilimweleza hivyo. Akacheka.

"Mkuu," nikasema, "naomba chaki."

Mkuu, mwanamke wa maneno machache, alinipa. "Andika *faire*," akasema, kitenzi cha kufanya.

Nikaandika chini kabisa *ils font*, juu yake *vous faites*, kisha *nous faisons*. Pembeni, bila kuambiwa, nikaweka *prendre*, kuchukua: *ils prennent*, *vous prenez*, *nous prenons*. Nikapanda na *il fait*, *il prend*, *tu fais*, *tu prends*. Hapo mkono ukagota. Mstari wa *je* ulikuwa juu kuliko ninavyofika.

Nikageuka.

"Mwalimu," nilisema, "niletee stuli. Iko nyuma ya mlango, inapokaa siku zote."

Akamtazama mkuu. Mkuu akautazama mlango. Mwalimu akaenda, akaileta, akaiweka miguuni pangu, na akaishika isiyumbe, maana mguu mmoja wa stuli ni mbovu na nimeulalamikia tangu mwaka jana. Nikapanda, nikaandika *je fais*, *je prends*.

"Hakuna kosa," mkuu alisema. "Mrudishie karatasi yake."

Nilijaza yaliyobaki taratibu, nikimalizia na *je vais*. Kengele ilipolia, watu wakatoka. Mwalimu alikuwa bado kasimama karibu na ubao, kwa mazoea akiniachia niufute. Nilichukua kifutio, nikamwekea mkononi.

"Leo ni zamu yako, mwalimu," nilimwambia. "Unaweza kuanzia juu."