Shilingi Isiyoteleza

Irungu alikuwa na karakana ya sufuria Industrial Area, na wateja wake wengi walikuwa Waganda waliolipa kwa shilingi ya kwao. Tangu serikali yao iliachie soko liipangie thamani, shilingi hiyo iliteleza kidogo kidogo, naye akapandisha bei kila wiki bila kuumia. Basi deni lake la dola, la alumini kutoka ng'ambo, akaliweka kiporo. Shilingi ya Kenya ikianza kuteleza, si ataiona?

Haikuteleza. Thamani yake ilipangwa na serikali, na siku moja ya Septemba 1981 serikali ikaishusha kwa tangazo moja la redio. Deni likanona papo hapo, na sufuria zilikwisha uzwa kwa bei ya jana.

Akamkimbilia shemeji yake Gichuru, aliyeuza ngozi ng'ambo kwa dola. Dola zilezile sasa zilimletea Gichuru shilingi nyingi zaidi.

"Nitanunua mashine zako," Gichuru alisema, akataja bei ya vyuma chakavu.

Irungu akatia sahihi, machozi yakimlengalenga.

"Usilie, kazi ipo. Vibarua wangu walitaka nyongeza, eti mafuta ya taa yamepanda. Nimewafuta wote. Wewe, shemeji, utakubali ngapi?"