Daraja Limevunjika

Muhwezi, mhariri wa redio moja ya mji wa Kasese, alimrudishia mtangazaji wake Eseza habari aliyoiandika ikiwa imegeuzwa: "Inadaiwa daraja jipya la Karambi limevunjika. Mvua ndiyo iliyolivunja."

Eseza akachemka. "Bosi, daraja nimelikuta limelala mtoni, nimeliona kwa macho yangu. Nani anadai? Na mvua, nani kaichunguza?"

"Mkandarasi aliyelijenga kasema."

"Basi yeye ndiye anayedai."

"Matangazo yake ndiyo yanatulisha, dada. Soma kama ilivyo."

Muhwezi akatoka, akasimama nyuma ya kioo cha studio. Taa nyekundu ya hewani ikawaka. Eseza akavuta kipaza sauti. "Daraja la Karambi limevunjika, nimeliona. Mkandarasi anadai ni mvua. Chanzo bado hakijachunguzwa."

Muhwezi akagonga kioo kwa ngumi. Eseza akamtazama, akairudia habari yote, polepole, kwa ajili ya yeyote ambaye hakusikia.