Wageni wa Kushitukiza

Bénita, mkuu wa timu ya wakaguzi wa hesabu mjini Goma, aliandika mpango wa kukagua kampuni ya unga: ratiba, kazi ya kila mutu, na hatari kubwa kuliko zote, yaani stoki ya unga iliyowekwa katika depo ya Kibati. Wangeihesabu Jumanne, kwa kushitukiza.

Papa Fortunat, bosi wake, alisifu, akasaini, kisha akamtumia mkurugenzi wa kampuni hiyo ya unga nakala.

"Ni adabu, mama. Mutu haendi kwa watu bila kuwaambia."

Jumanne depo ilijaa magunia hadi kwenye paa, mengine yana jina la kiwanda kingine. Mbuzi alikuwa ameiva. Mlangoni palining'inia bango: KARIBUNI WAKAGUZI WA KUSHITUKIZA.

Bénita alikula kwanza. Halafu akafungua mpango wake, penye hatari kubwa akafuta "stoki", akaandika "Papa Fortunat".