Lebo ya Mayai Sita

Hakuwa na mume. Hakuwa na mtoto, wala wa kuazima. Hakuwa na kiwanja, hakuwa na gari, hakuwa na subira na wazembe. Hakumkumbuka mama, na baba alimkumbuka kwa kikohozi tu. Lakini katika yote aliyoyakosa, moja hakuwahi kulitaja mbele ya mtu: hakuwa na siku yake mwenyewe ya kuzaliwa.

Ile iliyoandikwa kwenye cheti chake ilikuwa ya binamu yake, binti wa shangazi, aliyefariki kabla ya kuota jino. Shule ilipomkataa kwa kuwa amepita umri wa darasa la kwanza, shangazi aliyemlea alifungua sanduku, akatoa cheti cha marehemu, akampa. Alimwambia, "Kuanzia leo hili ni jina lako. Kalisome." Akalisoma kweli, mpaka chuo, mpaka kazi ya serikali. Kwa hiyo karatasi zake zilikuwa na miaka thelathini na mitatu, na mwili wake thelathini na saba.

Alikuwa mkuu wa maabara katika idara ya maji, na wenzake walimwita Bi Kipimo. Juzijuzi tu mchukua sampuli aliandika tarehe ya Jumatatu kwenye chupa ya maji aliyoyachota Jumamosi. Bi Kipimo aliyamwaga maji yale kwenye sinki mbele ya watu wote.

"Lebo ikidanganya, kipimo chote kimedanganya," alisema. "Heri uje mikono mitupu."

Kijana wa watu alitazama viatu vyake. Na Bi Kipimo naye, aliporudi mezani kwake, alitazama vyake.

Maana wakati huo alikuwa akijichoma sindano za tumbo, kila jioni kwa siku kumi na moja, ili mayai mengi yakomae kwa mpigo. Mchumba wake wa miaka mingi alikuwa ameoa kwingine, akamtumia na kadi. Ndipo alipokwenda kwenye kliniki ya uzazi kuomba mayai yake yagandishwe. Tumbo lilipomvimba, kazini alisema ni gesi. Siku ya kuvunwa alipewa dawa ya usingizi, sindano ndefu ikapita njia ya uzazi ikiongozwa na picha ya mashine, na alipoamka kazi ilikuwa imekwisha.

Wiki iliyofuata alikwenda kusikia majibu. Shangazi alikataa katakata kubaki nyumbani. Ukumbini waliketi kati ya wajawazito wawili, na muuguzi wa mapokezi akauliza kwa sauti ya kutangazia mnada, "Mume amebaki wapi?"

"Amebaki kwa mama yake, bado hajatuona," shangazi alijibu. "Wewe endelea kuandika, mwanangu."

Ukumbi mzima ulicheka. Bi Kipimo alitamani ardhi ipasuke.

Daktari, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliwafungulia faili. "Tulivuna mayai tisa, dada. Yaliyokomaa ni sita, na hayo sita tumeyagandisha."

"Sita!" Shangazi alipiga makofi. "Watatu wa kike, watatu wa kiume. Nyumba itajaa!"

"Taratibu, mama," daktari alisema. "Yai si mtoto. Siku ya kuyayeyusha, mengine hayataamka. Yatakayoamka yatachanganywa na mbegu ya mume, na si yote yatakayoshika. Yatakayoshika, si yote yatakayokua, na hata likiwekwa tumboni lililokua vizuri, huenda mimba isikae. Katika wanawake kumi waliogandisha mayai sita wakiwa na miaka thelathini na mitatu, kama watano au sita hatimaye hupata angalau mtoto mmoja. Wengine hawapati."

Shangazi alishusha mikono. "Na pesa zote zile?"

"Zile zililipia dawa, kuvuna na kugandisha. Kuna ada ya kuhifadhi kila mwaka, na siku ya kuyatumia kuna malipo mengine, makubwa pia. Siuzi mtoto hapa, mama. Nauza nafasi."

"Na angekuwa mkubwa zaidi?" Shangazi aliuliza, macho yake yakiwa dirishani. "Tuseme... thelathini na saba?"

"Kwa mayai hayohayo, watatu au wanne katika kumi." Daktari alimgeukia Bi Kipimo. "Kipimo cha damu kilionyesha akiba yako ya mayai iko chini kidogo kwa umri wako, hilo nililiona. Lakini damu huniambia wingi tu. Ubora wa yai naambiwa na umri, na wewe bado kijana. Kwa hiyo usijiumize kukopa. Duru ya pili ya kuvuna tunaweza kuifanya hata mwaka ujao, au mwaka wa pili. Hakuna haraka."

Hakuna haraka! Bi Kipimo alifungua mdomo. Aliona ofisi ya utumishi, aliona barua ya kufukuzwa kazi, aliona wachukua sampuli wakimcheka. Akaona pia vijiti sita vilivyobeba mayai yake kwenye ubaridi wa kutisha, kila kimoja na jina la marehemu na tarehe ya marehemu.

"Asante, daktari," alisema.

Walitembea kuelekea kituoni. Walipofika penye kivuli cha ukuta wa duka la saruji, shangazi aliuliza:

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ulinipa ile tarehe, shangazi. Ningeitupaje mbele yako? Ni mtoto wako."

Shangazi alisimama. Alivua kiatu, akakung'uta kijiwe ambacho hakikuwemo, akakivaa tena.

"Sikiliza, binti. Mimi nilikupa cheti ukaingie shule. Sikukupa ukamdanganye daktari. Mwanangu amekusomesha, ametosha, mwache apumzike. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wewe unakwenda kuuficha palepale wanapozalisha!"

Bi Kipimo alicheka, kicheko kikageuka njiani kikawa kilio, na muuza saruji akajifanya anahesabu mifuko.

Kumwambia daktari kwa mdomo, Bi Kipimo hakuweza. Hilo alilijua. Kesho yake, saa ya chakula, shangazi akiwa ameketi maabara kwenye kiti cha mgeni kama mlinzi, aliandika kwa mkono:

"Daktari, umri ulioandikwa kwenye faili langu si wangu. Nina miaka thelathini na saba. Nilipewa tarehe ya mwingine nikiwa mtoto, lakini kwako nilikuja mtu mzima, nikanyamaza mwenyewe. Naona aibu. Naomba uandike umri wa kweli kwenye faili na kwenye kumbukumbu za yale mayai sita, uniambie nafasi yangu ilivyo, na kama duru ya pili ifanyike sasa au nitosheke na nilichonacho. Naomba siri hii ibaki kwako."

Akaisoma mara moja. Hakupamba. Akaikunja.

"Lete bahasha," shangazi alisema, akairamba gundi mwenyewe na kuibonyeza kwa kiganja, pole pole, kama mtu anayefunika mtoto. Bi Kipimo akamwita yule yule mchukua sampuli, aliyekuwa akitoka na kreti la chupa kuelekea mjini.

"Hii ifike kwa daktari mwenyewe."

Kijana aliigeuza bahasha, akasita. "Bi mkubwa, nje haina tarehe."

Alichukua kalamu, akaandika tarehe ya siku ile, akampa. Kijana akaipachika katikati ya chupa, akaondoka nayo.