Mauzo ya Kipepeo

Mama Pacha nilimtoa kwenye mpango siku ya Jumatatu, mbele ya wenzake wote, kwenye grupu la wauzaji wangu. Nikaandika kwamba biashara si kijiwe cha porojo. Nikikumbuka sasa naona aibu hadi masikio yanapata moto.

Natengeneza mafuta ya nywele kwenye chumba cha nyuma ya nyumba yangu. Sina duka. Wanaoniuzia ni watu kumi na wawili wanaorekodi video mitandaoni, kila mmoja na linki yake na msimbo wake wa punguzo. Mteja akibonyeza linki, mfumo unamkumbuka siku thelathini. Akinunua, aliyemleta anapata asilimia kumi na tano. Lakini mteja akiandika msimbo wakati wa kulipa, msimbo unaishinda linki, na kamisheni inakwenda kwa mwenye msimbo. Sheria hiyo niliiweka mwenyewe, maana wengi hutazama video kwenye simu ya mtu kisha wakanunua kwa simu yao, na linki haiwafuati huko. Nilijiona mjanja kweli.

Mama Pacha alikuwa akiwapaka mafuta mabinti zake wawili mbele ya kamera, mmoja analia, mwenzake anacheka. Watu walimpenda. Mwezi ule linki yake ilibonyezwa mara mia tisa, mauzo kumi na moja. Wakati huohuo muuzaji mmoja aliyejiita Kipepeo, ambaye hata sauti sikuwahi kuisikia, alikuwa na mauzo mia moja na arobaini.

"Kipepeo anauza kwenye magrupu ya wanawake, dada," mdogo wangu aliniambia. "Hapendi kujionyesha."

Mdogo wangu ndiye aliyesajili wauzaji na kuwajibu wateja. Nilimwamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe.

Mama Pacha alinipigia mara mbili kabla sijamtoa. "Bosi, naomba uangalie vizuri. Watu wananitumia picha za chupa, wanasema wamenunua kwa ajili yangu."

"Picha haziliwi," nikamjibu, na nikajiona nimesema neno.

Alhamisi mdogo wangu akaenda kung'olewa jino, nikakaa mimi kwenye kompyuta yake. Asubuhi hiyo mteja mmoja akaandika: "Habari. Yule mama wa mapacha simwoni siku hizi, ila mafuta yake yameniisha. Lile neno mlilonipa, KIPEPEO, bado linafanya kazi?"

Mlilonipa? Nikapandisha mazungumzo juu. Mwezi uliopita mteja huyo alikuja kupitia linki ya Mama Pacha, akauliza gharama ya kutumiwa mzigo, akawa tayari kulipa. Mdogo wangu akamjibu: "Kabla hujalipa, mpendwa, andika KIPEPEO upate punguzo." Nikafungua mazungumzo mengine, na mengine. Maneno yaleyale, hata nukta haikubadilika. Mwenzake kapika, yeye kakaa mlangoni na sahani anapakua.

Nikaangalia namba ya kulipia kamisheni za Kipepeo. Ilikuwa ya shemeji yangu, mume wa mdogo wangu.

Mdogo wangu alirudi saa nane, shavu limevimba, pamba mdomoni.

"Kipepeo ni nani?" nikamuuliza.

"Dada, nina maumivu."

"Hata mimi ninayo. Ni nani?"

Akaitoa pamba, akaifunga kwenye karatasi taratibu. "Mimi. Wateja wakikwama, nani anawasaidia? Yule anapaka watoto mafuta tu anapata asilimia. Mimi mshahara uleule tangu tunauza chupa ishirini kwa mwezi."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia mara tatu. Ukasema sisi ni familia."

Nilisema, kweli. Likanichoma, lakini sikutaka alione. "Basi ungeniibia mimi. Yeye kakukosea nini?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Pesa yako ikipungua ungegundua siku hiyohiyo. Yake ikipungua, nilijua utamlaumu yeye."

Nikaufunga msimbo wa Kipepeo yeye akiwa bado amekaa pale, nikabadilisha nywila zote, nikamwambia aende nyumbani. Aliondoka bila kuniaga. Kisha nikapitia oda moja baada ya nyingine. Zilizoanzia kwenye linki ya Mama Pacha zilikuwa mia moja na sita. Nikazirudisha kwenye jina lake, nikamtumia kamisheni yote kutoka mfukoni mwangu, nikaandika ukweli kwenye grupu, halafu nikampigia.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nyuma yake mabinti walikuwa wanagombania kitu.

"Pesa nimeziona, bosi. Asante."

"Rudi basi. Nitakupa asilimia ishirini."

"Hapana."

"Aliyekuibia nimeshamtoa."

"Huyo simjui, wala yeye hanijui," akasema, bila hasira hata kidogo. "Wewe ulikuwa unanijua."