Shukrani Iliyomziba Mdomo

Rovu, ule uvimbe wa tezi, lilipotolewa shingoni mwa Elinipendo, sauti nayo ikaondoka. Ile sauti jamani, iliyokuwa ikipanda kanisani Jumapili mpaka mwalimu wa kwaya anasahau kupunga mkono! Sasa ilibaki pumzi yenye mikwaruzo.

Nesi Ruth alimweleza vizuri siku anatoka wodini: huenda ni ule mpira wa kupumulia uliopitishwa kooni wakati wa usingizi wa dawa, mikwaruzo itaisha yenyewe. "Zikipita wiki mbili bado, au maji yakikupalia, mwambie daktari. Na ukivuta pumzi ikapiga filimbi, njoo saa hiyohiyo."

Wiki mbili zilipotimia walirudi kliniki, yeye na mumewe Ebenezeri, na mkungu wa ndizi begani wa kumshukuru daktari. Hapo ndipo walipoharibu. Kwetu mlimani huweki shukrani miguuni pa mtu halafu ukaanza kumlalamikia. Daktari alipouliza hali, Ebenezeri akajibu upesi, "Hajambo kabisa, daktari, Mungu akubariki." Elinipendo akatabasamu. Daktari akatazama kidonda, akaridhika.

Siku zikapita kama mtu anayesinzia. Asubuhi moja ya wiki ya tano ukungu ulishuka kihambani, shamba la nyumbani, migomba ikawa vivuli, na Elinipendo akikamua ng'ombe akajisikia anaimba. Aliimba ubeti mzima, juu kabisa, laini. Kumbe midomo tu ndiyo iliyokuwa ikienda. Akanywa maji, yakampalia, akakohoa kikohozi kisicho na nguvu. Akaogopa, akalia.

"Twende Moshi, hospitalini," alimnong'oneza mumewe. "Leo. Bila ndizi."

Mbele ya daktari, Ebenezeri akafungua mdomo. Elinipendo akamshika mkono. "Niache niseme mwenyewe."

Daktari aliisikia ile sauti, akaweka kalamu chini. "Iko hivi tangu lini?"

"Tangu nilipoamka."

Akamshika ulimi kwa kitambaa, akaingiza kioo kidogo chenye mpini mrefu. "Sema iii." Akatazama kwa muda. Uzi mmoja wa sauti ulicheza, wa kushoto ulilala kimya. Neva yake, alisema, inapita nyuma ya tezi palepale alipokata. Kama ilichubuka tu, inaweza kuamka baada ya miezi, pengine mwaka. Kama imekatika, zipo njia za kusaidia, lakini ile sauti ya juu hakuiahidi. Kwa sasa ainamishe kidevu akinywa, na aanze mazoezi ya sauti.

"Mlikuja hapa wiki ya pili," daktari alisema taratibu. "Mngeniambia, mazoezi yangekuwa yameshaanza. Mimi ndiye niliyekata, mama. Nani mwingine wa kuambiwa?"

Nje, Ebenezeri aliketi kwenye benchi, kofia mikononi.

"Nilisikia tangu siku ya kwanza," alisema. "Niliogopa nikisema watakukata tena, wakuue. Nikaona heri uwe bubu, lakini uwe nyumbani."

Elinipendo alitaka kumfokea kwa sauti kubwa. Haikuwepo. Ikabidi asogee, aweke midomo sikioni mwake, ndipo amwambie jinsi alivyokasirika.